Mshale wa Akiba: Jinsi ya Kujua Saa Yako Imebakiza Muda Gani Isimame

Kwenye uso wa baadhi ya saa za mkono za springi kuna mshale mdogo ambao hauonyeshi majira. Unapita juu ya upinde mfupi wenye tarakimu 0, 10, 20, 30 na 40, na mara nyingi sehemu ya chini ya upinde huo imepakwa rangi nyekundu. Huo ni mshale wa akiba. Kazi yake ni kukuambia saa itaendelea kutembea kwa muda gani ukiivua sasa hivi na kuiweka mezani.

Nguvu ya saa ya aina hii hutoka kwenye springi ndefu iliyoviringwa ndani ya kikopo kidogo chenye meno pembeni. Ncha ya ndani ya springi imeshikwa na mhimili wa katikati, na ncha ya nje imeshika ukuta wa kikopo. Unapoitia saa ufunguo, mhimili ndio unaozunguka na kuikaza springi. Saa inapotembea, springi hulegea polepole na kukizungusha kikopo, nacho huzisukuma giya nyingine. Kati ya viwili hivyo mafundi huweka giya za kutoa hesabu: mizunguko ya mhimili huupandisha mshale, mizunguko ya kikopo huushusha. Kwa hiyo unachokisoma ni mizunguko iliyoingizwa ukiondoa iliyokwisha kutumika.

Tuchukue saa ya otomatiki yenye akiba ya saa 40. Unaivua Ijumaa saa 12 jioni na mshale uko kwenye 30. Hesabu saa 30 mbele: itasimama karibu na saa 6 usiku, Jumamosi kuamkia Jumapili. Ukitaka uikute inatembea Jumatatu saa 1 asubuhi, unahitaji saa 61 tangu ulipoivua, na hata ingekuwa imejaa isingefika. Ukiijaza Jumamosi saa 12 jioni, Jumatatu asubuhi utaikuta imebakiza takribani saa tatu. Itakuwa hai, lakini ndani ya eneo jekundu.

Eneo hilo halihusu kusimama peke yake. Springi ikikaribia kuishiwa, gurudumu la mizani, lile linaloyumba kushoto na kulia kuhesabu muda, huyumba kwa upana mdogo zaidi. Hapo saa huanza kupoteza usahihi kabla haijasimama, ikachelewa au ikaenda mbele. Ndiyo maana ni bora kuitia ufunguo mshale ukiwa bado juu ya nyekundu, na kama unaitegemea kwa dakika, uitie kila siku wakati uleule.

Wanamaji walifuata utaratibu huo kwa makini. Kronomita za melini, zilizotumika kutafuta longitudo baharini, nyingi zilikuwa na akiba ya saa 56, lakini zilitiwa ufunguo kila baada ya saa 24. Mshale wao ulisomwa kinyume na wa saa nyingi za mkono: 0 ilimaanisha imejazwa sasa hivi, na 56 ilimaanisha imekwisha. Ulihesabu saa zilizopita, si zilizobaki. Kwa hiyo ukipata saa usiyoizoea, itie ufunguo kidogo kwanza na utazame mshale unaelekea wapi. Upande unaoelekea ndio upande wa kujaa.

Mshale una mpaka wake. Unahesabu mizunguko ya springi, haupimi nguvu inayofika kwenye gurudumu la mizani. Oili ikikauka au uchafu ukiingia kwenye giya, saa inaweza kusimama huku mshale ukiwa kwenye 15. Mshale haujadanganya, springi bado imekazwa, ila nguvu yake inaishia njiani.

Ukiwa na shaka, jaza saa mpaka mshale ufike juu, andika muda, iweke mezani uso ukitazama juu, kisha uangalie inasimama lini. Kupungua kwa saa moja au mbili si jambo la kutisha. Lakini saa ya 40 ikisimama baada ya 25, inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa oili mpya. Ikiwa inatimiza 40 mezani, ila ukiivaa kutwa nzima mshale haupandi, tazama kwanza kama siku hiyo ulikaa tu kwenye kiti, kwa sababu otomatiki hujazwa na mwendo wa mkono. Kama ulitembea vya kutosha, mwambie fundi aanze na kile kipande kizito kinachozunguka nyuma ya saa pamoja na giya zake, maana springi yenyewe umeshaipima na ni nzima.