Friji yako inakula umeme kiasi gani? Uliza taa ya mita

Kwenye mita nyingi za LUKU kuna taa ndogo nyekundu inayomweta. Karibu nayo pameandikwa 1000 imp/kWh, au namba nyingine kama 1600. Maana yake ni kwamba taa ikimweta mara 1000, uniti moja imekwisha. Kwa mita hiyo, kila mmweto ni wati-saa moja, na umeme ukivutwa kwa nguvu zaidi, mimweto nayo hukaribiana.

Tuipime friji. Zima kila kitu kingine nyumbani, pamoja na chaja na king'amuzi kinachoonekana kimelala, maana navyo hula kidogo. Subiri mota ya friji ianze kuunguruma, kisha chukua saa ya simu. Taa inapomweta, anza saa na useme “sifuri”, si “moja”, kwa sababu unachopima ni nafasi kati ya mimweto. Ukifika kumi, simamisha saa.

Tuseme zimepita sekunde 300, yaani 30 kwa kila nafasi. Gawa 3600 kwa 30, upate wati 120. Mita yako ikiwa ya 1600, badala ya 3600 tumia 2250, ambayo ni 3,600,000 ikigawanywa kwa 1600.

Hapo ndipo wengi hukosea: huzidisha wati 120 kwa saa 24 na kushtuka. Friji haifanyi kazi mfululizo. Baridi ikitosha, mota hupumzika. Kwa hiyo tazama pia inaunguruma dakika ngapi na kunyamaza dakika ngapi. Ikiwa ni 20 kwa 20, wastani ni wati 60, sawa na uniti 1.44 kwa siku, au kama 43 kwa mwezi. Mchana wa joto, mlango ukifunguliwa kila mara, mota haipati nafasi ya kupumzika, na hesabu hupanda. Ndiyo maana napendelea kupima mizunguko kadhaa, mchana na usiku. Nafasi zikibadilika ghafla katikati ya kuhesabu, mota imezima au kifaa kingine kimewaka, anza upya.

Kama mnachangia mita na wapangaji wengine, huwezi kuwazimia umeme wao. Pima kabla ya friji kuwaka, kisha pima ikiwa inaunguruma, wenzenu wakiwa hawajawasha wala kuzima kitu. Geuza kila kipimo kuwa wati kwanza, ndipo utoe. Ukitoa sekunde kwa sekunde, jibu litakuwa la uongo.

Kwa vifaa vidogo njia hii huchosha. Kifaa cha wati 10 humwetesha taa ya mita ya 1000 mara moja kila dakika sita, na chaja tupu huenda isiitikise mita kabisa. Mita ikiwa juu ya nguzo na ndani umebaki na kibodi tu, mtu mmoja asimame chini aitazame taa huku mwingine akiwa kwenye swichi. Hakuna haja ya kupanda wala kugusa boksi.