Ribosomu Inapokwama, Jeni Husomwa

Bakteria aina ya E. koli, wanaoishi utumboni mwetu, wanaweza kujitengenezea triptofani, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini. Kazi hiyo hutegemea jeni tano zilizofuatana, zinazonukuliwa pamoja katika uzi mmoja wa RNA. Kundi hilo huitwa operoni. Triptofani ikiwa tele, protini maalumu ya kuzuia hukaa mwanzoni mwa operoni na unukuzi hauanzi.

Ilionekana hayo yanatosha. Lakini katika miaka ya 1970, Charles Yanofsky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waligundua kwamba bakteria waliopoteza sehemu ya DNA iliyo kabla ya jeni ya kwanza walitengeneza vimeng'enya vingi zaidi, hata wale ambao tayari hawakuwa na kizuizi. Kumbe palikuwa na breki ya pili.

Sehemu hiyo ya mwanzo ina herufi 162. Ndani yake mna maagizo ya peptidi ya asidi amino 14 tu, na ya 10 na ya 11 zote ni triptofani. Kwa kuwa triptofani ni adimu katika protini, kuziona mbili pamoja kunashangaza.

Bakteria hawana kiini, kwa hiyo ribosomu huanza kutafsiri RNA ingali inanukuliwa. Kimeng'enya kinachonukuu, polimerasi, hutua kidogo mpaka ribosomu ikaribie, kisha viwili hivyo huenda karibu karibu. RNA hiyo ina vipande vinne: cha pili kinaweza kushikana na cha kwanza au cha tatu, na cha tatu kinaweza kushikana na cha nne.

Triptofani ikiwepo, ribosomu hupita bila kukwama hadi mwisho wa peptidi na kukifunika kipande cha pili. Cha tatu hushikana na cha nne, kitanzi hujikunja, na polimerasi huachia RNA kabla ya kufika kwenye jeni. Triptofani ikipungua, ribosomu hukwama kwenye zile alama mbili, ndani ya kipande cha kwanza. Cha pili kiko huru, nacho hukishika cha tatu kabla cha nne hakijanukuliwa. Kitanzi cha kukatisha hakiundiki, na polimerasi huendelea.

Si kila kukwama kunafungua njia. Ribosomu ikisimama mapema mno, kwa kukosa asidi amino ya mwanzoni mwa peptidi, cha kwanza hushikana na cha pili, cha tatu hushika cha nne, na unukuzi hukatika vilevile. Mahali pa kukwama ndipo panapoamua.

Kizuizi hupunguza unukuzi takriban mara 70, na breki hii mara 8 hadi 10 zaidi. Seli zetu haziwezi kutumia njia hii kwenye jeni za kiini, kwani humo RNA hunukuliwa ndani na kutafsiriwa nje.