Kwa Nini Lundo la Mboji Hupata Moto

Mabua ya mahindi yakirundikwa makavu pembeni mwa shamba, yanaweza kukaa msimu mzima na bado yakawa mabua. Yakikatwakatwa kwa panga, yakachanganywa na samadi na majani mabichi, kisha yakamwagiwa maji ya kutosha, siku ya tatu au ya nne huwezi kuuvumilia mkono wako katikati ya lundo. Wakulima wengi wa mboji huchomeka fimbo ndefu kwa mshazari hadi kwenye moyo wa lundo. Wanaichomoa kila asubuhi na kuishika. Ikiwa ya moto kiasi cha kuiachia, kazi inaendelea. Ikiwa vuguvugu, au imetoka kavu na baridi, kuna kitu kimekosekana.

Njia hii ya kuoza kwa joto ilipangwa kitaalamu na Mwingereza Albert Howard huko Indore, India, miaka ya 1920. Akishirikiana na mwanakemia Yeshwant Wad, aliwatazama wakulima wa pale, akapima, akarekebisha, na mwaka 1931 wawili hao wakachapisha kitabu juu ya kazi hiyo. Miaka hiyohiyo ya 1930 mashamba ya kahawa ya Kenya yakaanza kuitumia. Masalia ya mimea, samadi, maji na kugeuza: kwa takriban miezi mitatu mboji ilikuwa tayari. Howard alijua mapema kwamba wanaofanya kazi yenyewe ni vijidudu, na kwamba kazi ya mtu ni kuwawekea mazingira yanayowafaa.

Vijidudu hawa hula kaboni ili kupata nguvu, na hutumia naitrojeni kujenga miili yao. Mwili wa bakteria una sehemu kama nane za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Lakini katika kula, theluthi mbili hivi za kaboni huunguzwa na kutoka kama hewa ya kabonidayoksaidi. Kwa hiyo ili ajenge mwili huo, anahitaji chakula chenye sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Kaboni ikizidi sana, vijidudu hushindwa kuongezeka na lundo hubaki baridi. Naitrojeni ikizidi, ile wasiyoihitaji hupaa kama amonia, ile harufu kali inayochoma macho katika banda la kuku lisilosafishwa. Anayenusa amonia kwenye lundo lake ananusa mbolea yake ikipotea hewani.

Sasa tuyapige hesabu mabua yetu. Kilo 100 za mabua makavu zina takriban kilo 40 za kaboni, lakini naitrojeni haifiki hata kilo moja: ni kama gramu 600. Uwiano wake unazidi 60 kwa 1. Wengi husikia kwamba dawa ni samadi ya ng'ombe, wakatupia matoroli mawili matatu na kungoja joto lisilokuja. Sababu ni kwamba samadi mbichi ni maji sehemu nne kwa tano. Kilo 100 zake zina gramu 400 hivi tu za naitrojeni, tena zikiandamana na kilo 7 au 8 za kaboni. Ili kuyafikisha mabua hayo kwenye 30 kwa 1 kwa samadi ya ng'ombe peke yake, zingehitajika karibu kilo 500. Mwenye ng'ombe mmoja hana samadi hiyo, na akiipata, lundo litakuwa tope.

Kinyesi cha kuku kilichokauka ni habari nyingine. Kilo 35 tu zingetosha kwa mabua yaleyale, kwa sababu kila kilo 100 zake zina kama kilo 3 za naitrojeni. Hapa pana mtego: kinyesi kinachotolewa kwenye banda lililotandikwa maranda ya mbao kimechanganyika na kaboni nyingi, kwa hiyo kipimo lazima kiongezwe. Majani mabichi nayo husaidia, hasa tithonia, ule mmea wa maua ya njano yanayofanana na alizeti unaojiotea kando ya barabara na kwenye nyua za mashamba.

Mchanganyiko unaowezekana kwa mkulima wa kawaida ni huu: kilo 100 za mabua yaliyokatwa vipande vya urefu wa kidole, kilo 100 za samadi ya ng'ombe, kilo 20 za kinyesi cha kuku kikavu na kilo 50 za majani mabichi. Ukijumlisha kaboni yote na naitrojeni yote, uwiano unaangukia karibu na 29 kwa 1. Namba hizi ni za wastani, maana mabua ya shamba hili si sawa na ya lile, lakini zinatosha kuonyesha kwa nini kilo chache za kuku hubadilisha kila kitu. Pamoja, vitu hivyo hufanya lundo la karibu mita moja kwa upana, urefu na kimo. Dogo zaidi ya hapo hupoteza joto kwa haraka kuliko linavyolitengeneza. Refu kupita mita moja na nusu hujikandamiza chini na kukosa hewa.

Maji yaliyomo tayari ndani ya samadi na majani yanafanya karibu nusu ya uzito wa lundo hili. Ndoo mbili au tatu za lita 20 zinalifikisha kwenye asilimia 55 hadi 60, ambapo vijidudu hufanya kazi vizuri zaidi. Maji hayo yamwagwe kidogokidogo kila tabaka linapowekwa, kwa kuwa bua kavu hunywa polepole na maji ya mkupuo hupita tu hadi chini. Kipimo chake ni kiganja: chukua fumba moja kutoka ndani, likamue kwa nguvu. Tone moja au mawili yakitokeza kati ya vidole, basi. Yakichuruzika, nafasi za hewa zimejaa maji, na baada ya siku chache utasikia harufu ya yai viza. Fumba likisambaratika kavu, vijidudu wamesimama, na katika sehemu nyingi za kwetu mchwa na siafu ndio watakaokuja kukuambia.

Lundo likishapangwa, wa kwanza kuamka ni bakteria wa joto la kawaida, wale wanaopenda nyuzi 20 hadi 45. Wanavamia sukari, wanga na protini, vitu vyepesi. Wanapoula utamu huo wanatoa asidi, lundo linakuwa chachu kidogo, na nguvu wasiyoitumia inatoka kama joto. Katikati ya lundo joto hilo halina pa kukimbilia. Linapanda nyuzi kadhaa kila baada ya saa chache, hadi wale waliolitengeneza wanashindwa kulistahimili. Wengi wanakufa, wengine wanajifunga ndani ya ganda gumu na kusubiri.

Kuanzia nyuzi 45 zamu inachukuliwa na wapenda joto. Basilasi, wale bakteria wa umbo la fimbo, ndio wengi, na pamoja nao kuna aktinobakteria, ambao huota kama nyuzinyuzi. Ukipasua lundo siku hizi utawaona kwa macho: utando wa kijivu kama majivu uliopaka mabua sentimita kumi au kumi na tano chini ya uso. Hawa ndio wanaoanza kuitafuna selulosi, ngozi ngumu ya mabua. Kati ya nyuzi 55 na 65 kazi inakwenda kasi kuliko wakati wowote, na ni hapa pia ambapo mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa hufa. Kanuni za Marekani zinazosimamia mboji ya taka za majitaka zinataka lundo la wazi likae kwenye nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ligeuzwe angalau mara tano ndani ya muda huo.

Joto likipita 65, hata wapenda joto wanaanza kupungua. Katika malundo ya nyuzi 70 na zaidi watafiti wamekuta bakteria wa ukoo uliogunduliwa kwanza kwenye chemchemi za maji ya moto za Yellowstone, Marekani, miaka ya 1960. Wanaishi, lakini ni wachache wa aina na kazi inalegea. Lundo lililopita 70 halistahili kusifiwa. Linastahili kugeuzwa siku hiyohiyo.

Kugeuza kwenyewe kunaeleweka vibaya. Watu hudhani kunalipa lundo hewa ya wiki nzima. Kwa kweli oksijeni inayoingia wakati wa kugeuza huisha ndani ya saa chache, kwa jinsi vijidudu wanavyoivuta. Hewa ya kila siku inaingia yenyewe: ya moto inapanda na kutoka juu, ya baridi inavutwa kutoka chini. Ndiyo maana chini kabisa hutandikwa matawi magumu, na ndiyo maana lundo la majani laini matupu, yasiyo na mabua ya kuacha mianya, hunuka hata likigeuzwa kila mara.

Faida kubwa ya uma na jasho ni kubadilishana nafasi. Kingo za lundo hazifiki nyuzi 55 hata siku moja. Mbegu na mayai ya minyoo yaliyoko huko yako salama mpaka yaingizwe ndani. Kwa hiyo cha nje kiwe cha ndani, cha juu kiwe cha chini, na palipokauka panyunyiziwe. Fimbo ndiyo inayoamua siku: joto likianza kushuka chini ya 55, au likizidi 65, geuza. Lundo litapoa kwa saa kadhaa, kisha litapanda tena kesho yake kwa sababu chakula kipya kimewafikia vijidudu. Unapogeuza lundo lililokauka, funga kitambaa puani, kwani vumbi lake limejaa mbegu za kuvu zisizofaa mapafu.

Kila mgeuzo kilele kinakuwa chini kuliko kilichotangulia, hadi siku lundo linapogeuzwa na lisipande tena ingawa lina unyevu. Wengi huibeba shambani siku hiyo, nayo bado ni changa. Kuvu waliofukuzwa na joto ndio kwanza wanarudi kutoka kingoni, na wao ndio wenye uwezo mkubwa wa kuivunja lignini, kile kigumu kabisa cha bua. Aktinobakteria nao wanaendelea, wakitoa ile harufu ya udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza. Kipindi hiki huchukua mwezi hadi miwili, lundo likiwa limefunikwa kwa majani ya migomba ili mvua isiichuje rutuba.

Mboji changa ikiwekwa shambani huendelea kuoza humohumo na kunyang'anya mazao naitrojeni, mimea ikawa ya njano. Kuijua ni rahisi. Jaza kopo moja mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na jingine udongo mtupu, kisha panda mbegu za mchicha idadi sawa katika yote mawili. Baada ya wiki moja hadi mbili, kama miche ya kopo la mboji ni michache, imedumaa au imepauka kuliko ya pili, lifunike lundo tena na urudie jaribio baada ya wiki tatu.