Mota Inayonguruma Bila Kuzunguka

Ukiomba mota ya hatua ya bei nafuu kwenye duka la vifaa vya elektroniki, huenda ukapewa 28BYJ-48: kopo dogo la bati lenye waya tano za rangi, pamoja na bodi yenye chipu ya ULN2003 na taa nne ndogo. Wengi huiunganisha na Arduino, wakaandika programu fupi, kisha mota ikanguruma na kutetemeka palepale huku taa zote nne zikionekana kuwaka kwa pamoja. Mara nyingi mota ni nzima. Imeamrishwa kwenda mbio isizoziweza.

Mota ya kawaida ukiipa betri huzunguka yenyewe. Hii haifanyi hivyo. Ndani yake mna koili nne, na katikati mna rota ya sumaku. Koili ikipata umeme huivuta rota mpaka mahali fulani na kuishikilia hapo, hata kwa saa nzima. Ili isogee tena, programu inapaswa kubadilisha koili zinazopata umeme. Pini za Arduino haziwezi kubeba mkondo wa koili, kwa hiyo zinatoa amri tu na ULN2003 ndiyo inayofungua njia ya umeme. Mpangilio ni huu:

```
   IN1 IN2 IN3 IN4
1   1   0   0   0
2   1   1   0   0
3   0   1   0   0
4   0   1   1   0
5   0   0   1   0
6   0   0   1   1
7   0   0   0   1
8   1   0   0   1
```

Ukipita mistari yote minane, unaendesha kwa nusu hatua. Katika mstari wa 1 rota inaikabili koili moja. Katika wa 2 inavutwa na koili mbili, ikakaa katikati yake. Ukichukua mistari ya 2, 4, 6 na 8 pekee, hiyo ni hatua kamili: koili mbili zinawaka wakati wote, na mvuto wake ni takriban mara 1.4 ya koili moja. Nusu hatua huenda kwa ulaini na kelele kidogo, ila nguvu yake hupanda na kushuka kila hatua.

Rota humaliza mzunguko kwa hatua kamili 32. Gia za ndani hupunguza mwendo huo takriban mara 64, hivyo mhimili wa nje huhitaji hatua 2048, au nusu hatua 4096. Ukiweka milisekunde 2 kwa kila hatua kamili, mzunguko mmoja huchukua sekunde 4.1 hivi, karibu mizunguko 15 kwa dakika. Nusu hatua kwa milisekunde 1 hutoa kasi ileile. Ukishusha hatua kamili hadi milisekunde 1, ndipo mngurumo unapoanza.

Sababu ya kwanza ni koili yenyewe. Ina ukinzani wa omu 50 hivi, kwa hiyo volti 5 zingepaswa kupitisha karibu ampea 0.1. Lakini koili hupinga mabadiliko ya mkondo, na mkondo hupanda polepole. Ukibadilisha upesi mno, koili huzimwa kabla haijapata mkondo wake wote. Juu ya hayo, sumaku inayozunguka huzalisha volti zinazoupinga umeme unaoingia, na kadiri inavyokimbia ndivyo mvuto unavyopungua. Mashine za kuchapa vitu vya plastiki hukwepa tatizo hili kwa kulisha mota volti 12 au 24 kupitia bodi inayodhibiti mkondo usizidi. ULN2003 haina udhibiti huo. Ukiiongezea 28BYJ-48 volti hadi 12, mkondo huzidi mara mbili na joto huongezeka zaidi ya mara tano.

Sababu ya pili ni uzito wa rota na mzigo wake. Ni kama kudandia daladala lililokwisha kuondoka: anayekimbia tayari hulipata, aliyesimama huachwa. Kwa hiyo anza na milisekunde 5, kisha punguza kidogo kidogo. Mota hufikia kasi ambayo isingeweza kuanza nayo.

Kabla ya kulaumu kasi, weka milisekunde 500 na utazame taa. Katika hatua kamili, taa mbili jirani ziwake pamoja, kisha jozi isogee. Zikiwaka ya kwanza na ya tatu, umekosea mpangilio wa pini. Maktaba ya Arduino iitwayo Stepper hutaka ziandikwe IN1, IN3, IN2, IN4.

Hatari zaidi ni mota inayozunguka huku ikipoteza hatua chache, kwa sababu hairudishi habari yoyote na programu huendelea kuhesabu. Bandika kipande cha utepe kwenye mhimili, ipeleke hatua 2048 mbele, kisha 2048 nyuma. Utepe ukirudi pale pale, ukiacha ulegevu mdogo wa gia, hakuna kilichopotea. Usipime kwa kwenda mbele tu, kwani katika nyingi ya mota hizi meno ya gia hayatoi 64 kamili bali 63.68. Mzunguko halisi ni hatua 2038 hivi, na utepe utapitiliza karibu digrii 2 kila mzunguko hata kama mota haijakosa hatua hata moja.