Roboti inayoshinda mara saba kwa kumi, na salio linalopungua

Mtu akikwambia roboti yake ya kuuza na kununua fedha za kigeni inashinda mara saba kati ya kumi, bado hajakwambia kama inampa pesa au inamla. Amekwambia inashinda mara ngapi, lakini hajasema ikishinda inaleta kiasi gani, wala ikishindwa inachukua kiasi gani. Mambo hayo matatu yakiwekwa pamoja ndipo tunapata tarajio, yaani kiasi cha fedha ambacho kila muamala, kwa wastani, unaongeza au unapunguza kwenye akaunti.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua kiwango cha ushindi, kizidishe kwa wastani wa faida. Kisha chukua kiwango cha kushindwa, kizidishe kwa wastani wa hasara. Toa cha pili kwenye cha kwanza. Ugumu hauko kwenye kuzidisha na kutoa. Uko kwenye daftari la miamala ambalo namba hizo zinatoka.

Tuchukue mfano. Programu inafanya kazi kwenye MetaTrader 5, inauza na kununua yuro kwa dola, na kila mara inaingia na loti 0.1, kiasi ambacho pipu moja ina thamani ya dola moja. Programu yenyewe inaandika daftari lake: kila muamala unapofungwa, inaongeza mstari mmoja kwenye faili. Baada ya miamala 50, mwenyewe anafungua faili na kujumlisha. Miamala 35 imeleta faida ya jumla ya dola 231, wastani wa dola 6.60. Miamala 15 imeleta hasara ya jumla ya dola 219, wastani wa dola 14.60.

```
0.70 × 6.60 − 0.30 × 14.60 = 0.24
```

Senti 24 kwa kila muamala. Ni kidogo, lakini iko upande wa faida, na mwenye roboti anaanza kufikiria kuongeza ukubwa wa loti. Hata hivyo, akifungua akaunti anakuta salio limepungua kwa dola 28 tangu roboti ianze. Daftari linasema faida ni dola 12, akaunti inasema hasara ni dola 28. Hapa akaunti ndiyo ya kuaminiwa, na tofauti hiyo ya dola 40 lazima itafutwe.

Chanzo chake ni cha kawaida sana. Programu inaandika sehemu inayoitwa `DEAL_PROFIT` peke yake, na sehemu hiyo inabeba tofauti ya bei tu. Kamisheni ya dalali iko kwenye `DEAL_COMMISSION`, na gharama ya kulaza muamala usiku kucha iko kwenye `DEAL_SWAP`. Katika mfano wetu kamisheni ni senti 70 kwa muamala mzima, na miamala michache iliyolala imekatwa jumla ya dola 5. Kuna mtego mwingine hapo hapo: madalali wengi hukata nusu ya kamisheni unapofungua na nusu unapofunga. Programu inayosoma mstari wa kufunga pekee itaiona nusu moja tu. Dawa yake ni kukusanya mistari yote yenye `DEAL_POSITION_ID` moja, kujumlisha faida, kamisheni na gharama ya kulaza, kisha kuihesabu yote kuwa muamala mmoja.

Daftari likisahihishwa hivyo, hata kiwango cha ushindi kinabadilika. Miamala miwili iliyokuwa na faida ya senti 40 kila mmoja sasa ni ya hasara, kwa sababu kamisheni imeimeza faida yote. Ushindi umebaki 33, kushindwa kumekuwa 17. Wastani wa faida ni dola 6.28, wastani wa hasara ni dola 13.83.

```
0.66 × 6.28 − 0.34 × 13.83 = −0.56
```

Zidisha hasara hiyo ya senti 56 kwa miamala 50, unapata dola 28 zilezile zilizopungua kwenye akaunti. Kulingana huko ndiko kipimo cha daftari. Lisipolingana na salio, tarajio lililotoka ndani yake halifai kitu.

Lakini kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi katika mfano huu si kamisheni. Ni ile saba kwa kumi yenyewe. Programu inafunga upesi ikipata pipu sita au saba, na inavumilia mpaka pipu kumi na nne au kumi na tano ikikosea. Bei inayoyumba bila mwelekeo wowote hufikia kituo cha karibu mara nyingi kuliko cha mbali. Chukua wastani wa hasara wa mwanzo, 14.60, ugawe kwa jumla ya faida na hasara, 21.20. Unapata karibu asilimia 69. Ndicho kiwango cha ushindi ambacho hata mtu anayeingia kwa kurusha sarafu angekipata akitumia vituo hivyo, kabla ya gharama. Roboti ilipata 70. Katika miamala 50, hiyo ni tofauti ya chini ya muamala mmoja. Ushindi mwingi umetokana na umbali wa vituo, na malipo yake ni hasara kubwa zinazokuja mara chache. Anayetazama kiwango cha ushindi peke yake hawezi kuliona hilo.

Daftari linaweza kudanganya kwa njia nyingine tena, hasa kwa programu isiyopenda kukubali hasara. Mstari unaandikwa muamala unapofungwa tu. Ikiwa upo muamala mmoja uliobaki wazi ukiwa chini kwa dola 45, haumo kwenye hesabu. Uingize kana kwamba umefungwa leo: jumla inakuwa hasara ya dola 73 kwa miamala 51, na tarajio linashuka hadi hasara ya dola 1.43.

Je, senti 56 hizo ndizo ukweli wa mwisho wa roboti hii? Hapana, miamala 50 ni michache mno. Matokeo ya muamala mmoja mmoja yametawanyika kwa takriban dola 11 kila upande wa wastani. Gawa 11 kwa kipeuo cha pili cha 50, ambacho ni karibu 7, kisha uzidishe kwa 2: unapata kama dola 3. Kwa hiyo tarajio halisi linaweza kuwa popote kati ya hasara ya dola tatu na nusu na faida ya dola mbili na nusu. Kulijua kwa usahihi wa nusu dola kungehitaji karibu miamala 2,000, tena yenye masharti yaleyale. Ukibadilisha vituo katikati, unaanza upya.

Ila gharama haihitaji miamala 2,000 ili ijulikane. Dola 40 kwa miamala 50 ni senti 80 kwa kila mmoja, na hizo zinakatwa roboti ishinde au ishindwe. Kabla ya gharama, daftari limeonyesha senti 24 tu. Kabla hajagusa ukubwa wa loti, mwenye roboti anapaswa kuirudisha kwenye akaunti ya majaribio, daftari likiwa limesahihishwa, na kutafuta zile senti 56 zinazokosekana: ama kwa dalali wa gharama nafuu zaidi, ama kwa njia ya kuingia sokoni iliyo bora kuliko kurusha sarafu.