Ziwa Moja, Saa Mbili: Kupanga Ujumbe wa Asubuhi kwa cron

Ziwa Tanganyika linapakana na nchi nne, na kati ya hizo ni Tanzania peke yake iliyo saa 3 mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia. Burundi, Zambia na mashariki ya Kongo ziko saa 2 mbele. Kigoma ikitimu saa 12:30 asubuhi, Uvira na Kalemie bado ni saa 11:30 alfajiri. Tuseme unatuma bei ya dagaa kila siku kwa wanunuzi wa Kibirizi na Ujiji, na kwa wenzao wa ng'ambo. Ukiwatumia wote kwa mpigo, wa Kongo utawakuta wamelala.

Kwenye seva ndogo ya Linux kazi hii hufanywa na cron. Kila dakika husoma jedwali lake na kuanzisha kazi iliyofikiwa na wakati. Kigoma haiijui: hufuata saa ya seva, na seva ya kukodi mara nyingi iko Ulaya. Ikiwa imewekwa saa za Berlin, ujumbe uliopangwa 04:30 utafika Kigoma saa 12:30 asubuhi wakati wa baridi. Jumapili ya mwisho ya Machi Wajerumani husogeza saa mbele, na tangu siku hiyo utaanza kufika saa 11:30, ingawa hakuna aliyegusa kitu. Ndiyo maana nasisitiza seva iwekwe UTC. Nchi za ziwa hili hazibadilishi saa kwa majira, hivyo hesabu ukishaifanya haibadiliki:

```
30 3 * * * /opt/dagaa/tuma.sh kigoma
30 4 * * * /opt/dagaa/tuma.sh kongo
```

Namba ya kwanza ni dakika, ya pili ni saa. Kila kundi linapata ujumbe saa 12:30 ya kwao.

Wengi hunaswa hapa: huandika `TZ=Africa/Dar_es_Salaam` juu ya jedwali wakidhani wamemaliza. Kwenye Debian mstari huo hubadilisha saa inayoonwa na programu iliyoanzishwa, lakini wakati wa kuianzisha haubadiliki. Matokeo yake yanapotosha, kwa sababu ujumbe unaweza kubeba saa sahihi ya Kigoma huku umechelewa saa 3. Kwa hiyo usijaribu kwa kuangalia saa iliyoandikwa ndani ya ujumbe. Panga kazi ya majaribio dakika 3 mbele ya saa inayoonyeshwa na `date -u`, kisha angalia kwa `journalctl -u cron` kama imeanza.

Kazi za usiku zina tatizo la siku. Hesabu ya wiki unayoitaka saa 7 usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa UTC bado ni Jumapili saa 22:00, kwa hiyo huandikwa `0 22 * * 0`. Ukiweka 1 mwishoni, hesabu itatoka usiku wa kuamkia Jumanne.