Wati Kumi na Joto Lake

Jetson Nano, kompyuta ya bodi moja ambayo Nvidia waliitoa mwaka 2019, inaweza kutambua watu kwenye picha za kamera bila kutuma chochote mtandaoni. Lakini uwezo wake hutegemea umeme inaopata na joto linavyoondolewa.

Ina hali mbili za umeme. Ya wati 5 huacha viini viwili tu vya kichakataji vikifanya kazi. Ya wati 10 huwasha vyote vinne na kuongeza kasi ya GPU.

Kosa la kawaida ni kutumia chaja ya simu kwa hali ya wati 10. Kamera ikianza kazi, bodi huzimika ghafla. Dawa yake ni adapta ya volti 5 na ampea 4 kwenye tundu la duara, pini za J48 zikiwa zimeunganishwa kwa kifuniko chake. Kisha:

```
sudo nvpmodel -m 0
sudo jetson_clocks
tegrastats
```

Amri ya kwanza huchagua wati 10 na hubaki hata bodi ikiwashwa upya. Ya pili hufunga kasi kwenye kiwango cha juu, nayo hurudiwa kila bodi inapowashwa.

Ya tatu huonyesha hali ilivyo. `GR3D_FREQ 99%@921` maana yake GPU imeshika kazi kwa megahezi 921. Namba hiyo ikishuka huku joto likipanda, bodi inajipunguzia kasi isiungue: bamba la alumini limezidiwa, hasa ndani ya kasha lililofungwa. Hapo hufungwa feni ya volti 5 juu ya bamba, na kasha hutobolewa matundu.